Alama Mia na Arobaini na Nane

Kwa miaka kumi na mitatu Ndinda alifanya kazi ya meli bila kukanyaga meli hata moja. Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa meli, ghorofa ya pili, karibu na mzunguko wa Mwembe Tayari, na kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za kila meli iliyokuwa njiani kuingia Kilindini: jina lake, bendera yake, urefu wake, mabaharia wangapi, na nguvu ya injini yake. Kila alipofika kwenye mstari huo wa injini, vidole vyake vilipunguza mwendo. Kilowati elfu tisa. Kilowati elfu kumi na nne. Alikuwa akiandika tarakimu zile kama mtu anayeandika jina la mpenzi wa mbali, kisha anageuza ukurasa na kuendelea na kazi.

Mapenzi hayo aliyarithi. Babake, Benard, alikuwa fundi wa injini za treni. Alikuja Mombasa kutoka Makueni akiwa kijana, akafanya kazi katika karakana ya reli hadi alipostaafu, na Ndinda alizaliwa na kulelewa katika nyumba za wafanyakazi pale Makupa. Alipokuwa na miaka minane, mzee alimbeba siku moja ya Jumamosi akampeleka karakanani, akamwekea kiganja juu ya ubavu wa injini iliyokuwa ikiunguruma. "Sikiliza kwa mkono," akamwambia. "Masikio hudanganywa na kelele." Tangu siku ile mtoto alijua anachokitaka. Pale kisiwani, injini kubwa kuliko zote zilikuwa ndani ya meli. Basi akazitaka za meli.

Lakini alipomaliza kidato cha nne, mamake aliugua ugonjwa mrefu, na msichana aliyetakiwa kwenda chuoni akaenda kutafuta kazi. Mama alifariki baada ya miaka minne. Kufikia hapo Ndinda alikuwa ameshazoea kiti cha ofisi, na kile kiti kikamzoea. Umri ukasonga. Alipofika miaka thelathini na mbili alikuwa amepanga chumba juu katika nyumba ya Bi Mwanarusi, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na watu wote waliomfahamu walimwona mtu aliyetulia. Hakuna aliyejua kwamba kila Jumapili baada ya kanisa alipanda feri ya Likoni, akavuka, akarudi bila kushuka, kwa ajili tu ya kusimama mahali pale ambapo sakafu hutetemeka chini ya nyayo.

Tangazo aliliona gazetini, mwezi wa nane. Chuo kimoja hapo kisiwani kilikuwa kikipokea watu wazima kwa mwaka wa msingi, masomo ya jioni na Jumamosi, na atakayemaliza mwaka huo angeweza kuomba nafasi katika shahada za uhandisi. Miongoni mwa shahada hizo kulikuwa na uhandisi wa mitambo ya meli. Ndinda alilisoma tangazo lile mara tatu akiwa amesimama, kisha akakaa.

Masharti yalikuwa wazi. Kulikuwa na masomo sita ya lazima, manne muhula wa kwanza na mawili muhula wa pili. Aliyetaka uhandisi wa jumla alihitaji wastani wa sitini katika masomo hayo. Aliyetaka mitambo ya meli alihitaji sabini, na asiwe na somo lolote chini ya hamsini. Tena wastani haukukuzwa: sitini na tisa nukta tisa ilikuwa sitini na tisa. Nafasi zilikuwa ishirini tu kwa mwaka, kwa sababu karakana ya meli ilikuwa ndogo. Mstari wa mwisho kwenye karatasi ulisema kwamba kufikisha wastani humpa mwombaji haki ya kufikiriwa. Ndinda aliusoma mstari huo akaupita haraka, jinsi mtu anavyopita barua isiyo yake.

Muhula wa kwanza ulimtoa jasho. Alikuwa amekaa miaka kumi na minne bila kushika kitabu cha hesabu, na darasani alikaa na vijana waliotoka shuleni juzi. Aliyekuwa jirani yake wa benchi, Khubaib, kijana wa Makadara wa miaka ishirini, alimwita "dada" na kumwazima kikokotoo. Matokeo yalipotoka Ndinda aliyaandika nyuma ya daftari: Hesabu ya Kwanza hamsini na nane, Kemia sitini na tisa, Fizikia sitini na nane, Uchoraji wa Kiufundi sabini na saba. Akajumlisha, akapata mia mbili sabini na mbili. Akagawanya kwa nne, akapata sitini na nane kamili.

Alifurahi. Sitini na nane na sabini zimetengana hatua mbili tu, akajiambia. Kwa hiyo nikipata sabini na mbili katika masomo mawili yaliyobaki, Hesabu ya Pili na Nishati ya Joto, hizo mbili za juu zitafidia mbili za chini, nami nitakuwa nimefika. Akaandika 72 kwa kalamu nyekundu, akaizungushia duara, akaibandika karatasi ile ukutani juu ya kitanda. Kwa wiki tano aliamka akiitazama.

Wiki ya sita alikwenda kwa Bwana Kazungu, mhadhiri aliyepewa kazi ya kuwashauri wanafunzi wa mwaka wa msingi. Alikuwa mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye sauti ya chini, na ofisi yake ilijaa michoro iliyokunjwa kama mikeka. Ndinda alikwenda ili tu amwekee sahihi fomu ya maombi.

"Karibu, Bi Ndinda. Umeomba mitambo ya meli?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na umejipimia unahitaji nini?"

"Sabini na mbili kwa kila somo."

Bwana Kazungu alivuta karatasi, akaigeuza ili Ndinda aone, akaandika polepole. "Masomo ni sita. Wastani wa sabini katika masomo sita ni jumla ngapi?"

"Mia nne na ishirini."

"Unazo ngapi mkononi?"

"Mia mbili sabini na mbili."

"Toa."

Ndinda akatoa. Mia moja arobaini na nane. Akagawanya kwa mbili kabla hajaambiwa. Sabini na nne.

"Wengi hukosea hapo," Bwana Kazungu akasema. "Sitini na nane yako ni uzito wa masomo manne. Huwezi kuinyanyua kwa masomo mawili ukadhani pande zimelingana. Ukipata sabini na mbili mara mbili, jumla yako ni mia nne na kumi na sita. Wastani ni sitini na tisa na ushei. Hufiki."

Ndinda aliitazama ile 74. Alama mbili tu kwa kila somo, lakini alijihisi kama mtu aliyetembea wiki tano kuelekea nyumba ambayo si yake. "Na hesabu ndiyo inayonishinda," akasema kwa sauti ndogo. "Katika majaribio ya darasani nimepata kumi na tisa kati ya thelathini."

"Na Nishati ya Joto?"

"Ishirini na tano."

Mhadhiri akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi usijifunge na sabini na nne. Hakuna aliyesema zigawanywe sawasawa. Chuo kinataka mia na arobaini na nane kutoka kwa hayo mawili pamoja. Mkononi unazo arobaini na nne za majaribio. Zilizobaki ni mia na nne, nazo zimo katika mitihani miwili ya alama sabini sabini. Hesabu isishuke chini sana, halafu Joto likubebe." Akatia sahihi fomu. Ndinda alipokuwa mlangoni, akaongeza, "Sabini ni ya kukuingiza kwenye foleni, Bi Ndinda. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mwalimu," alijibu. Alilijua kama watu wanavyojua kwamba watakufa.

Siku ile alipofika nyumbani aliibandua ile 72. Bi Mwanarusi, mama mwenye nyumba, mjane wa makamo aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza, alimwona akishuka na karatasi iliyochanika.

"Kuna nini, mwanangu? Uso umekushuka."

"Nimegundua nilikuwa nikipiga hesabu vibaya, Bi."

"Afadhali umejua mapema. Ndoo ule kwanza, hesabu haikimbii."

Akala. Na tangu hapo akawa na maisha ya aina moja. Asubuhi kabla ya kazi alifanya maswali ya hesabu kwenye meza ya jikoni, Bi Mwanarusi akisukuma unga upande wa pili bila kumsemesha. Saa ya chakula cha mchana aliisoma Nishati ya Joto ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Hesabu aliisoma kwa woga, kama mtu anayelisha mnyama asiyemwamini. Lakini Joto alilisoma kwa njaa. Kila mchoro wa mtungi na pistoni ulimrudisha kwenye zile tarakimu za karatasini: kumbe kilowati elfu tisa ni moto huu unaosukuma chuma hiki, na sehemu kubwa ya moto hupotelea kwenye moshi na maji ya kupozea, na kazi yote ya mhandisi ni kuupunguza upotevu huo. Siku nyingine alisahau kula.

Jumamosi alasiri alisoma na Khubaib kwenye baraza ya chuo. Khubaib naye aliomba mitambo ya meli, na yeye alihitaji sabini na moja tu, maana muhula wa kwanza alifanya vizuri. Hesabu ilimteremkia kama maji. Alimfundisha Ndinda namna ya kutafuta kiwango cha juu kabisa cha mkunjo wa grafu, naye Ndinda akamfundisha kwa nini injini haiwezi kugeuza moto wote kuwa kazi.

"Dada, wewe mambo haya unayaeleza kama umeyaona," Khubaib alimwambia siku moja.

"Sijayaona," Ndinda akajibu. "Nayatamani tu."

Mtihani wa hesabu ulikuwa Jumatatu. Alitoka akijua amefanya alichoweza na kwamba hakikutosha. Mtihani wa Joto ulikuwa Alhamisi. Swali la kwanza, la lazima, lilikuwa na alama thelathini, kisha mtu alichagua mawili kati ya manne yaliyobaki, kila moja alama ishirini. Ndinda alilijibu la kwanza kwa utulivu hadi akashangaa. La pili alilochagua likaenda vizuri. La tatu lilikuwa na vipande vinne, na kipande cha mwisho kilimtaka ahesabu joto linalobebwa na maji ya kupozea. Alikuwa ameandika nusu yake msimamizi aliposema kalamu chini.

Idara ya hesabu ilitangaza kwanza, wiki tatu baadaye. Ndinda alifungua ukurasa wa matokeo kwenye simu akiwa ofisini, mgongo ameupa dirisha. Sitini na saba.

Akachukua kalamu. Mia na arobaini na nane, toa sitini na saba, ni themanini na moja. Ishirini na tano za majaribio alikuwa nazo. Kwa hiyo alihitaji hamsini na sita kati ya sabini, katika karatasi ambayo tayari ilikuwa imeshaandikwa, imeshakusanywa, na pengine imeshasahihishwa na mtu asiyemjua. Hakuna somo ambalo lingemsaidia sasa wala asubuhi ambayo angeiamkia mapema. Alibaki na kumbukumbu peke yake.

Basi akaanza kujisahihisha kichwani. Swali la kwanza, labda ishirini na sita. La pili, labda kumi na nane. La tatu, vipande vitatu kamili ni kumi na nne, na ile nusu iliyokatika ni alama ngapi? Hamsini na nane, akajiambia akipanda ngazi. Kesho yake akakumbuka kwamba katika swali la kwanza hakubadilisha vipimo vya joto kabla ya kugawanya, ikawa hamsini na tano. Kesho kutwa akakumbuka kwamba alibadilisha. Aliifanya karatasi ile upya mara nyingi kuliko alivyoifanya siku ya mtihani. Ilimjia akinunua samaki, ikamjia kanisani wakati wa sala. Jumapili alivuka Likoni na kurudi, akasimama mahali pake, na sakafu ilipoanza kutetemeka alijikuta machozi yanamlenga, kwa sababu injini ilikuwa pale, chini ya bamba moja la chuma, na baina yao kulikuwa na namba ambayo mtu fulani tayari aliijua.

Siku ya kumi na moja simu ililia. Alikuwa Khubaib. "Dada, Joto limetoka! Mimi nimepata sabini na sita. Wewe je?"

Alikosea neno la siri mara mbili. Kisha ukurasa ukafunguka. Themanini na mbili.

Mia mbili sabini na mbili, na sitini na saba, na themanini na mbili. Mia nne ishirini na moja. Gawanya kwa sita: sabini nukta moja saba. Alikuwa amevuka kwa alama moja. Alifunga mlango wa ofisi, akajiinamia mezani, akalia kwa namna ambayo hakuwa amelia tangu msiba wa mamake.

Jioni alikwenda kwa babake. Mzee Benard, baada ya kustaafu, alikuwa akiishi Tudor kwa mjomba wa Ndinda. Alisikiliza ile namba, akasimama, akakaa tena, kisha akashika simu kabla Ndinda hajamaliza maneno. Akapiga Makueni, akapiga kwa rafiki yake wa reli, Morris, akapiga kwa mchungaji. "Ndinda ameingia," akawaambia wote. "Msichana wangu atakuwa mhandisi wa meli."

"Baba, ngoja."

"Ningoje nini? Walisema sabini, umepata sabini na zaidi."

"Sabini ni ya kukubaliwa kuomba. Viti ni ishirini. Sasa wanawapanga waliofika sabini, kuanzia mwenye nyingi."

Mzee aliishusha simu pajani. "Na waliofika ni wangapi?"

"Sijui, baba."

Mzee akauliza, bila kumtazama, "Kwani ile moja ya ziada haina kazi?" Ndinda naye alikuwa akijiuliza hivyo tangu mchana.

Orodha ilibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya usajili wiki mbili baadaye. Waliofika sabini walikuwa ishirini na sita. Khubaib alikuwa wa tisa. Wa ishirini alikuwa na wastani wa sabini na moja kamili. Chini yake kulipigwa mstari, na chini ya mstari yalikuwako majina sita ya akiba. Ndinda alikuwa wa nne katika hao. Alizihesabu alama zilizomtenganisha na yule wa ishirini: mia nne ishirini na sita toa mia nne ishirini na moja. Tano. Zingepatikana popote, hata katika ile hamsini na nane ya kwanza, alipokuwa bado anajifunza kukaa darasani.

Waliochaguliwa walipewa hadi Ijumaa, saa kumi alasiri, kuthibitisha. Nafasi ya atakayeacha ingekwenda kwa akiba kwa kufuata orodha. Jumanne mmoja aliacha, kwani alipata nafasi ya udaktari Nairobi. Alhamisi wawili zaidi. Akiba watatu wakaitwa. Ndinda sasa alikuwa wa kwanza.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaenda kukaa kwenye kibao nje ya ofisi ya usajili. Kulikuwa na jua kali, na watu waliingia na kutoka. Karani wa usajili, Bi Caroline, alimwona saa sita, akamwona saa nane. Saa tisa akatoka, akakaa karibu naye.

"Dada, si lazima ukae hapa. Tukikuhitaji tutakupigia."

"Najua. Ni vile nikiwa hapa naona kama nafanya kitu."

Bi Caroline akaitikia kwa kichwa. "Amebaki mmoja hajathibitisha."

Kutoka saa tisa hadi saa kumi kasoro dakika kumi, Ndinda alikuwa na nafasi. Ndivyo alivyosimulia baadaye: kwa dakika hamsini alikuwa mwanafunzi wa mitambo ya meli. Alijiona na ovaroli, akajiona akishuka ngazi za chuma. Kisha mwanamume mmoja akaingia lango la chuo akikimbia, shati limemganda mgongoni, bahasha mkononi, akimwuliza kila mtu ofisi iko wapi. Ndinda ndiye aliyemwonyesha mlango.

Jumatatu Bwana Kazungu alimwita. "Wastani wako hautapotea," akamwambia. "Unahesabika kwa mwaka huu na mwaka ujao. Lakini hauwezi kuongezeka. Masomo uliyofaulu huwezi kuyarudia ili uboreshe alama. Utaomba tena na sabini ile ile na moja saba ile ile. Njia nyingine, uingie uhandisi wa jumla sasa hivi, nafasi ipo, wastani wako ni mzuri mno. Ila ukishaingia kule, nafasi hii ya meli umeiacha. Kuhama kutoka kule wanataka sabini na tano."

"Wewe ungefanya nini, mwalimu?"

"Mimi ningeingia wa jumla. Ni shahada nzuri, na mwaka ni mwaka." Akairudisha kalamu mfukoni. "Lakini sijawahi kumwona mtu akienda kuvuka feri bila kushuka." Khubaib, ambaye Ndinda alimfungulia siri ile siku moja barazani, alikuwa amemweleza.

Aliomba siku mbili za kufikiri. Bi Mwanarusi alimwambia aende asome kilichopo. Babake alisikiliza yote, akauliza kama katika uhandisi wa jumla kuna injini. Kuna, Ndinda akajibu, ndogo, za mezani.

"Una miaka thelathini na mitatu sasa," mzee akasema.

"Ndiyo."

"Mimi sabini na mmoja." Akajikuna kidevu. "Nilipokuambia usikilize kwa mkono sikujua nakutwika mzigo. Unisamehe."

"Baba, usinene hivyo. Sina kitu kingine kizuri kama hicho."

Siku ya pili akamwandikia Bwana Kazungu kwamba atangoja.

Mwaka ule wa kungoja ndio uliokuwa mrefu kuliko yote iliyotangulia. Alirudi kwenye karatasi zake za Kilindini, lakini sasa tarakimu hazikuwa tena jina la mgeni. Aliposoma nguvu ya injini na kasi yake, aliweza kukisia mitungi mingapi na mafuta kiasi gani kwa siku. Khubaib alimtembelea mara moja moja, akiwa na grisi kwenye kucha, akimsimulia karakana, na akiona uso wa Ndinda alibadili mazungumzo. "Endelea," Ndinda alimwambia kila mara. "Usinihurumie. Nieleze tena hapo kwenye vali." Akiondoka, Ndinda alibaki barazani na harufu ile ya dizeli aliyoiacha Khubaib, hana hamu ya kula wala kulala.

Mwezi wa nane ukarudi. Mtihani wa hesabu wa mwaka ule ulikuwa mgumu, watu wakalalamika, na waliofika sabini walipungua. Walikuwa kumi na tano wapya, na watatu wa mwaka uliopita walioomba tena. Bi Caroline alimpigia simu yeye mwenyewe, kabla ya orodha kubandikwa. Ndinda alikuwa wa kumi na sita. Hakukuwa na mstari wa kupigwa chini ya mtu yeyote.

Alikuwa ameiwazia simu ile kwa namna nyingi, lakini ilipokuja alisema tu "Asante, dada," akakata, akamalizia karatasi ya meli aliyokuwa nayo mkononi. Alama zilikuwa zile zile. Mwaka jana zilimwacha nje, mwaka huu zimemwingiza, na yeye hakuwa ameongeza hata moja. Jambo hilo lilimchanganya kuliko lilivyomfurahisha. Furaha ilimfika baadaye, akiwa njiani kuelekea Tudor, ikamlazimu asimame kando ya barabara ashike ukuta.

Mzee Benard safari hii hakupiga simu kwa mtu. Alimwuliza mara mbili kama ni kweli, kama viti vimetosha. Kisha akaingia chumbani na akakawia huko.

Ndinda sasa yuko mwaka wa pili wa shahada, na ana miaka thelathini na mitano. Bado ni karani, nusu siku. Siku ya kwanza karakanani, kabla ya somo kuanza, wenzake walipokuwa wakitafuta ovaroli za kuwatosha, aliiendea injini iliyokuwa katikati ya chumba, akaiwekea kiganja ubavuni. Ilikuwa imezimwa, baridi, kimya kabisa. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, na aliyemtazama angedhani bado anasubiri.